Kilichomo koponi na kisichoandikwa juu yake: hotuba kwa wanariadha wanaopimwa na makocha wao

Wanariadha, makocha, mameneja na ninyi wauguzi mnaokaa na timu kambini, habari za asubuhi.

Leo hatutazungumza juu ya mtu anayechoma sindano akijua anachofanya. Huyo ana hotuba yake. Tunazungumza juu ya mtu aliyenunua poda ya kreatini, vidonge vya vitamini au kinywaji cha kuongeza nguvu, akasoma lebo kutoka juu hadi chini, hakuona jina lolote baya, akatumia, kisha akaletewa barua kwamba mkojo wake umekutwa na dawa iliyopigwa marufuku. Swali la kwanza analojiuliza kila mmoja ni lile lile: imeingiaje?

Tuanze kiwandani, maana hapo ndipo mambo yanapoharibika. Kampuni nyingi ambazo majina yake mnayaona kwenye makopo hazina kiwanda. Zinampa mwenye kiwanda fomula, naye anachanganya, anajaza, anabandika lebo. Mwenye kiwanda huyo ana wateja wengi. Jumatatu mtambo wake wa kuchanganyia unaweza kuzungusha bidhaa yenye homoni, kwa mteja anayeuzia watu wa kunyanyua vyuma wasiopimwa na yeyote. Jumanne mtambo ule ule unazungusha kreatini yako. Kati ya kazi hizo mbili kuna usafishaji, na poda ni kitu kigumu kusafisha: inaingia kwenye viungo vya mashine, kwenye mipira ya kuzibia, kwenye mabomba ya kunyonya vumbi.

Sasa tupige hesabu kidogo, maana bila hesabu hii mtu hawezi kuamini. Watafiti wa Uingereza waliwahi kuwapa watu wa kujitolea kinywaji chenye gramu 5 za kreatini, wakatia ndani kiasi kidogo mno cha kitangulizi cha nandroloni, yaani kemikali ambayo mwili wenyewe huigeuza kuwa nandroloni, homoni ya kujenga misuli. Kiasi cha mikrogramu 2.5 tu kilitosha kuwafanya baadhi yao wavuke kikomo cha nanogramu 2 kwa mililita ya mkojo. Walipopewa mikrogramu 5, wengi walivuka. Punje moja ya chumvi ya mezani ina uzito wa mikrogramu 60 hivi, kwa hiyo mikrogramu 2.5 ni kama kuikata punje hiyo vipande 24 na kumeza kimoja.

Mikrogramu 2.5 ndani ya gramu 5 ni nusu mikrogramu kwa kila gramu. Chukua mtambo unaochanganya kilo 500 kwa mkupuo. Kilo 500 ni gramu 500,000. Ukizidisha kwa nusu mikrogramu unapata mikrogramu 250,000, yaani robo ya gramu. Robo gramu ya vumbi lililobaki pembeni mwa mtambo inatosha kuchafua nusu tani ya kreatini kwa kiwango kinachoweza kumfungia mtu. Hakuna aliyekusudia, na pengine hakuna aliyeona. Ukiichukua poda hiyo ukaionja, ukainusa, hata ukaipeleka kwenye maabara ya kawaida ya vyakula, hutaambiwa kitu.

Tena hesabu hiyo inadhani kwamba vumbi limesambaa sawasawa. Kwa kawaida halisambai hivyo. Makopo ya kwanza kutoka kwenye mtambo hubeba sehemu kubwa, ya mwisho hubeba kidogo au hayabebi kabisa. Ndani ya kopo moja la vidonge, kimoja kinaweza kuwa na dawa na cha jirani yake kisiwe nayo. Ndiyo maana ile hoja tunayoisikia kila kambi, kwamba fulani ameitumia miaka miwili na amepimwa mara nyingi bila tatizo, haina uzito wowote. Yeye alikunywa makopo yake. Wewe utakunywa la kwako.

Huu si wasiwasi wa kubuni. Kati ya mwaka 2000 na 2001 maabara ya Cologne, Ujerumani, kwa fedha za Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, ilinunua virutubisho 634 katika nchi 13. Vyote vilikuwa vya aina ambayo lebo yake haikutaja homoni. Kati ya hivyo, 94 vilikuwa na vitangulizi vya homoni ambavyo havikuandikwa popote. Ni karibu kimoja katika kila saba. Utafiti huo umeshazeeka, na vinavyochafua leo si vile vya wakati ule: siku hizi tunakutana zaidi na ostarini, dawa ya kujenga misuli, na ndugu zake, na vichangamshi vilivyotengenezwa maabara. Njia ya kuingilia haijabadilika.

Kuna njia ya pili, nayo ni mbaya zaidi: kutia kwa makusudi. Mfanyabiashara anataka mteja ahisi kitu dakika ishirini baada ya kunywa, ili arudi kununua. Basi anatia kichangamshi na kukaa kimya, au anakiandika kwa jina ambalo hulijui. Bidhaa zinazofanyiwa hivi zinajulikana kwa makundi yake: za kunywa kabla ya mazoezi ili kupata mshindo, za kuyeyusha mafuta na kupunguza mwili, za kupandisha testosteroni, na zile zinazoahidi misuli ndani ya wiki chache. Kwa makundi haya manne msimamo wetu ni mfupi: mwanariadha anayepimwa asiyaguse, hata kama kopo lina nembo ya aina gani. Hatuoni faida yoyote inayolipia hatari hiyo.

Kuhusu majina ya lebo, mwendesha baiskeli wa Brazil Flávia Oliveira alikutwa na kichangamshi kiitwacho oksilofrini mwaka 2009. Lebo ya kirutubisho chake haikuwa na neno hilo. Ilikuwa na `methylsynephrine`, ambalo ni jina jingine la kitu kile kile. Orodha ya WADA, Shirika la Dunia la kupambana na dawa michezoni, haitaji kila jina la biashara na kila jina la kikemia. Kichangamshi kingine kilichowaangusha wengi huandikwa `DMAA`, `1,3-dimethylamylamine`, `methylhexaneamine`, au kufichwa ndani ya maneno ya kupendeza kama `geranium extract`, ili msomaji afikiri ni ua tu. Na mkiona `higenamine` au `norcoclaurine`, jueni kwamba ni kitu kimoja, kinatoka kwenye mimea kweli, na kimepigwa marufuku wakati wote, mashindanoni na nje ya mashindano. Kutoka kwenye mmea si kinga. Jingine la kuangalia ni maneno `proprietary blend`. Maana yake kwa lugha ya dukani ni kwamba mtengenezaji hatakuambia ametia kiasi gani cha kila kitu. Rudisha kopo kwenye rafu.

Sasa tukae kwenye kesi moja, tuione kwa karibu, kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu mnachohitaji kujua.

Mwaka 2008 muogeleaji Jessica Hardy wa Marekani alikuwa kwenye mashindano ya mchujo wa Olimpiki mjini Omaha. Alifuzu kwenda Beijing. Wakati wa mashindano hayo alipimwa mara tatu, tarehe 1, 4 na 6 Julai. Sampuli ya tarehe 1 ilikuwa safi. Ya tarehe 4 ilikutwa na kiasi kidogo cha klenbuterol, dawa ya pumu ambayo hutumiwa vibaya kujenga misuli. Ya tarehe 6 ilikuwa safi. Klenbuterol hairuhusiwi kwa kiwango chochote, kwa hiyo udogo wake haukumsaidia. Alijiondoa kwenye timu, na Beijing ikaenda bila yeye.

Angalieni huo mpangilio: safi, chafu, safi, ndani ya siku sita. Mtu akitumia dozi kamili ya klenbuterol kwa makusudi, hawi safi mapema hivyo. Picha hii inafanana na mtu aliyemeza kiasi kidogo sana mara moja, kikapita. Lakini kufanana si ushahidi. Alilazimika kuonyesha kilitoka wapi, na vipimo vya kirutubisho chake cha arginini, bidhaa halali kabisa kwa mujibu wa lebo, vikaonyesha klenbuterol ndani yake. Kampuni iliyokitengeneza ilikana na kubisha.

Hakuwa mzembe. Jopo la wasuluhishi lilikubali kwamba alikuwa amezungumza na kampuni yenyewe kabla ya kutumia, akahakikishiwa usalama, na kwamba aliuliza watu wa timu. Adhabu ya kawaida wakati ule ilikuwa miaka miwili, wakampa mmoja. WADA ikakata rufaa ikitaka miwili, na mwaka 2010 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ikaacha mwaka mmoja usimame. Alirudi, na mwaka 2012 aliogelea London na kupata medali katika mbio za kupokezana. Hiyo ndiyo kesi iliyokwenda vizuri. Aliamini ahadi ya muuzaji, akathibitisha chanzo, wasuluhishi wakamwelewa, na bado alipoteza Olimpiki moja.

Kwa nini aadhibiwe mtu ambaye wote wanakubali kwamba hakukusudia? Kwa sababu kanuni inamhesabu mwanariadha kuwa mwenye dhamana ya kila kinachoingia mwilini mwake. Kosa linakamilika pale dawa inapoonekana kwenye mkojo. Kusudio linaangaliwa baadaye, wakati wa kupima urefu wa adhabu. Kwa kanuni za WADA zilizoanza kutumika mwaka 2021, steroidi, klenbuterol au ostarini zinaanzia miaka minne, na ni juu yako kuthibitisha kwamba hukukusudia. Ukithibitisha kwamba dawa ilitoka kwenye bidhaa iliyochafuka, na kwamba kosa lako halikuwa kubwa, adhabu inashuka, ikawa popote kati ya miaka miwili na onyo tupu. Bidhaa iliyochafuka wameifafanua hivi: yenye dawa iliyokatazwa ambayo haikuandikwa kwenye lebo wala haipatikani kwa kutafuta kwa kiasi cha kawaida mtandaoni. Sehemu hiyo ya mtandaoni watu huisahau. Kama ukiandika jina la kopo lako kwenye simu na ukurasa wa kwanza unakuonya, mlango huo umefungwa.

Umbali kati ya onyo tupu na miaka miwili ni mkubwa, na kinachoujaza ni karatasi. Linganisheni na kesi ya waogeleaji wa Brazil. Mei 2011, César Cielo na wenzake watatu walikutwa na furosemidi, dawa ya kukojosha ambayo imekatazwa kwa sababu inaweza kuficha dawa nyingine. Walikuwa wakitumia vidonge vya kafeini, na kafeini inaruhusiwa. Vidonge hivyo vilitengenezwa na duka la dawa kwa maelekezo ya daktari wa michezo, duka walilolitumia kwa muda, lenye vyeti vya usafi wa malighafi. Duka hilo pia lilikuwa likitengeneza furosemidi kwa wagonjwa wengine, na uchafuzi ukafuatiliwa hadi hapo. CAS ilimwachia Cielo onyo tu, siku chache kabla ya mashindano ya dunia ya Shanghai, ambako alishinda dhahabu. Wenzake wawili walipata onyo hilo hilo. Wa nne, aliyekuwa na kosa la awali, alifungiwa mwaka mmoja kwa kidonge kile kile.

Wakimbiaji wa Jamaika Asafa Powell na Sherone Simpson wao walikutwa na oksilofrini Juni 2013, kutoka kwenye kirutubisho kipya ambacho lebo yake haikuitaja. Walifungiwa miezi 18. Julai 2014 CAS iliishusha hadi miezi sita, lakini kufikia siku hiyo walikuwa wamekwisha kaa nje karibu mwaka mzima. Kumbukeni hilo mtu akiwaambia kwamba mahakama itarekebisha mambo. Mahakama inarekebisha hukumu; msimu uliopita haurudi.

Basi tufanyeje? Hatua ya kwanza inafanyika kabla ya kwenda dukani, nayo ni kuuliza kama unakihitaji. Virutubisho ambavyo vina ushahidi mzuri wa kuongeza uwezo ni vichache: kafeini, kreatini, bikaboneti ya sodiamu, naitreti na beta-alanini. Kwa mkimbiaji wa marathoni hata katika hivyo kreatini haina kazi kubwa, maana inamsaidia mtu wa nguvu za ghafla na inaongeza uzito wa maji. Kafeini ipo kwenye kahawa. Wanga upo kwenye uji na ugali, na kwenye maji ya sukari yenye chumvi kidogo. Madini ya chuma ni jambo la kipimo cha damu: pima feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, daktari aone, aandike dozi, ununue duka la dawa lenye kibali. Vidonge vya vitamini "kwa usalama tu" havina usalama wowote. Muogeleaji mwingine wa Marekani, Kicker Vencill, mwaka 2003 aliangushwa na vidonge vya vitamini.

Ukishakubaliana na daktari au mtaalamu wa lishe kwamba unakihitaji, tafuta kilichopimwa na mtu wa nje kwa kila toleo, yaani kila mkupuo wa kiwandani. Nembo mbili zinazojulikana ni Informed Sport na NSF Certified for Sport. Hapa watu wanakosea sana, kwa hiyo sikilizeni taratibu. Kuna nembo nyingine inaitwa Informed Choice, ya kampuni ile ile ya Informed Sport, inafanana kwa sura, lakini hiyo bidhaa zake huchukuliwa madukani na kupimwa mara kwa mara tu. Haipimi kila toleo kabla halijauzwa. Kwa mtu asiyepimwa hiyo inatosha. Kwako haitoshi.

Na nembo yenyewe kwenye kopo si cheti. Cheti ni namba ya toleo. Geuza kopo, angalia chini au kwenye mshono wa lebo, utaona maandishi ya wino au ya kuchongwa: `LOT` au `BATCH`, kisha herufi na tarakimu, mara nyingi karibu na tarehe ya kuisha muda, `EXP`. Fungua tovuti ya mpimaji, siyo ya muuzaji, tafuta jina la bidhaa, ladha yake, kisha linganisha namba hiyo herufi kwa herufi. Ladha ina maana, kwa sababu chokoleti na vanila huchanganywa siku tofauti. Sifuri na herufi O huchanganyika, kwa hiyo isome mara mbili. Namba isipokuwemo, bidhaa hiyo kwako haijapimwa, hata kama nembo imechapwa kwa rangi ya dhahabu. Fanya haya ukiwa bado dukani na kopo halijafunguliwa.

Kwa hapa kwetu kuna matatizo mawili ambayo vitabu vya Ulaya havitaji. La kwanza ni poda ya kupimiwa: muuzaji anafungua kopo kubwa, anakupimia robo kilo kwenye mfuko wa plastiki. Mfuko huo hauna namba ya toleo, hauna lebo, na kijiko alichotumia hujui kimetoka kwenye kopo gani kabla ya lako. La pili ni kopo lililoletwa na rafiki, meneja au ndugu kutoka ng'ambo. Hilo linaweza kuwa zuri, lakini lije limefungwa, na mwambie akutumie picha ya namba ya toleo kabla hajalinunua, uitafute wewe mwenyewe. Likija limefunguliwa "nimeonja tu", mwachie aendelee kuonja.

Rudini pia kwenye ile hesabu ya mikrogramu, muone maana yake kambini. Ukiazima chupa ya kutikisia ya mwenzako ambaye anatumia kitu asichokijua, mabaki kwenye uzi wa kifuniko yanaweza kuzidi mikrogramu 2.5 kwa mbali. Kila mtu awe na chupa yake, kijiko chake na kopo lake, na jina liandikwe kwa kalamu isiyofutika.

Je, toleo lililopimwa ni salama kabisa? Hapana, na yeyote atakayewaambia ndiyo anawadanganya. Kipimo kinachukua sampuli chache kutoka kwenye toleo, na tumekwisha ona kwamba uchafu hausambai sawasawa. Wanatafuta dawa mia mbili na zaidi, lakini orodha ya marufuku ina makundi yasiyo na mwisho, na kuna dawa mpya ambazo hakuna anayezitafuta bado. Kuna pia kikomo cha uwezo wa mashine. Kinachofanya kipimo hicho ni kupunguza hatari sana, na kukupa ushahidi kwamba ulichukua tahadhari ambayo mtu makini angechukua. Vyote viwili vina thamani.

Na msiwe na tumaini kwamba maabara zinazopima mkojo wenu zitawapimia kopo mapema. Maabara zilizoidhinishwa na WADA haziruhusiwi kufanya kazi hiyo kwa mwanariadha anayetaka tu kujiridhisha. Tovuti ya Global DRO nayo, ambayo wengi mnaitumia, ni ya dawa za hospitali za nchi chache; haina virutubisho, wala dawa nyingi zinazouzwa Afrika Mashariki. Kwa Kenya, maswali ya dawa na virutubisho yaulizwe kwa ADAK, wakala wa Kenya wa kupambana na dawa michezoni, kwa maandishi, ili jibu nalo libaki kwa maandishi. Jibu la kocha kwa mdomo halina nguvu yoyote mbele ya jopo.

Sasa utunzaji. Siku unayofungua kopo piga picha nne: mbele ya kopo, orodha ya viambato, namba ya toleo, na kifuniko kikiwa bado kimezibwa. Piga ya tano ya ukurasa wa simu unaoonyesha namba hiyo kwenye tovuti ya mpimaji, pamoja na tarehe. Risiti ya karatasi hufifia ikikaa juani, kwa hiyo nayo ipige picha. Jitumie zote kwa barua pepe, maana simu huibiwa. Kwenye daftari andika siku ulipoanza, kiasi unachotumia kwa siku, na siku ulipobadili kopo. Kopo likikaribia kuisha, bakiza gramu 20 hivi, au vidonge kumi, funga, weka pakavu kwa mwaka mzima. Mwenye uwezo anunue makopo mawili ya namba moja ya toleo na moja asilifungue kabisa. Tunajua ni gharama. Lakini kopo lililofunguliwa lina udhaifu mmoja mkubwa: upande wa pili utauliza kama dawa haikutiwa na wewe mwenyewe baada ya barua kufika. Kopo lililofungwa, la namba ile ile, halina swali hilo.

Siku ya kipimo, kwenye fomu ya ofisa kuna sehemu inayouliza dawa na virutubisho ulivyotumia katika siku saba zilizopita. Andika vyote, pamoja na kinywaji cha asubuhi, vidonge vya chuma na dawa ya kifua. Wengine huogopa kwamba kuandika ni kujichongea. Ni kinyume chake. Ukiandika kirutubisho wiki sita kabla hujajua kuna tatizo, ulichokiandika kinaaminika. Ukikitaja kwa mara ya kwanza baada ya barua, wasuluhishi watauliza kwa nini hakikuwemo. Kama fomu haina nafasi ya kutosha, mwombe ofisa karatasi ya nyongeza, na kabla hujaweka sahihi soma alichokuandikia. Ondoka na nakala yako.

Barua ikija, usiache kusoma tarehe za mwisho zilizomo. Una haki ya kudai sampuli B, ile sehemu ya pili ya mkojo wako iliyohifadhiwa, ifunguliwe, na una haki ya kupata nyaraka za maabara. Acha kutumia kila kirutubisho, lakini usitupe hata kimoja. Usifungue kopo lililofungwa, usilipeleke kwenye maabara ya rafiki. Likabidhiwe kwa utaratibu unaoandikwa, mtu anayepokea aweke sahihi, ili asiwepo wa kusema limeguswa. Kwa dawa zinazoanzia miaka minne kusimamishwa kwa muda ni lazima, lakini kanuni inaruhusu kuondolewa kama unaonyesha kwamba kuna uwezekano mkubwa kosa limetokana na bidhaa iliyochafuka. Hilo ombi linahitaji vitu ndani ya siku chache: namba ya toleo, picha, risiti, nakala ya fomu, na kopo lenye mabaki.

Mwenye kopo hapa leo alilete mbele wakati wa chai. Tutaitafuta namba yake ya toleo pamoja, kwa simu yako, na usilifungue kwanza.